PDF iliyoishia njiani: kutambua kilichokatika na kuendeleza upakuaji

Faili la PDF lililokatika katikati ya upakuaji hujitambulisha kwa njia chache zinazofanana sana. Kisomaji kinasema faili limeharibika, au kinafunguka na kuonyesha ukurasa mweupe, au kinaonyesha ukurasa wa kwanza vizuri kabisa kisha kinagoma kwenda wa pili. Wengi wakiona hivyo hufuta na kuanza upya, na mtandao ukiwa hafifu hukatikiwa tena palepale, bando likiwa limekwisha mara mbili kwa kitabu kimoja. Mara nyingi kufuta hakuna haja, kwa sababu nusu iliyokwisha kufika ni nzima na kinachotakiwa ni kuiomba seva ile nusu iliyobaki. Hata hivyo, kabla ya kuiomba ni lazima kuhakikisha kwamba ulicho nacho ni kipande cha faili hilohilo, kwani kuendeleza upakuaji juu ya kitu kingine huzaa faili bovu ambalo ukubwa wake unaweza kudanganya.

Nitaeleza kwa kufuata tukio moja. Mwalimu mwenzangu alikuwa akipakua kitabu cha mafunzo ya ufungaji umeme, chenye kurasa zilizoskaniwa, kwenye kompyuta ya mezani yenye Windows 10 na kivinjari cha Chrome. Umeme ulikatika. Uliporudi, alikuta kwenye folda ya vipakuliwa faili lenye jina linaloishia na `.crdownload`, akalibadilisha jina liwe `kitabu.pdf`, akajaribu kulifungua, likakataa. Bando lake lilikuwa limebaki na takriban megabaiti 40, na kitabu kizima kinazidi 60.

Kwa nini nusu ya PDF haifunguki

Maandishi ya kawaida yakikatwa katikati, nusu ya kwanza bado husomeka. PDF si hivyo, kwa sababu ya namna ilivyojengwa. Mwanzoni kabisa mwa faili kuna alama fupi kama `%PDF-1.6` inayotaja toleo. Kisha hufuata mwili wenyewe, yaani kurasa, picha na fonti, kila kimoja kikiwa na namba yake. Orodha inayosema kila kitu kimewekwa baiti ya ngapi tangu mwanzo huandikwa mwishoni mwa faili, na baada yake huja neno `startxref`, namba inayoonyesha orodha hiyo inaanzia wapi, na alama ya kufungia `%%EOF`. Kisomaji hukimbilia mkiani kwanza, husoma namba hiyo, huifuata orodha, ndipo hujua ukurasa wa kwanza uko wapi. Faili likikatwa, mkia haupo, na maudhui yaliyofika hubaki bila ramani.

Zipo PDF zilizopangwa mahususi kwa ajili ya kusomwa mtandaoni, ambazo huweka taarifa za ukurasa wa kwanza karibu na mwanzo. Hizo ndizo zinazoonyesha ukurasa wa kwanza kisha kukwama, na msomaji hudhani kasoro iko kwenye kisomaji. Kubadilisha kisomaji hakusaidii hapo, ingawa baadhi ya visomaji hujaribu kujenga orodha upya na kuonyesha kurasa zaidi kidogo kuliko vingine.

Kwanza, tambua ulicho nacho mkononi

Anza na jina. Chrome huyapa mafaili ambayo hayajakamilika mkia wa `.crdownload`, na Firefox huyapa `.part`. Ukiona mkia wa namna hiyo, upakuaji haukukamilika, na kuufuta mkia huo ili uweke `.pdf` hakubadilishi chochote ndani ya faili. Kama kivinjari bado kinaikumbuka kazi hiyo, fungua ukurasa wake wa vipakuliwa na ubonyeze kitufe cha kuendelea kabla hujagusa jina, kwa kuwa hiyo ndiyo njia rahisi kuliko zote. Mwenzangu alikwisha kubadilisha jina, kwa hiyo mlango huo ulikuwa umefungwa.

Wakati mwingine jina linaishia na `.pdf` na kivinjari kinadai kazi imekamilika, lakini faili halifunguki. Hili hutokea hasa pale seva inapotuma faili bila kutaja ukubwa wake. Muunganisho ukifungwa, kivinjari hakina kipimo cha kujua kama kilichofika ni chote au ni sehemu tu, hivyo huhesabu kwamba kimemaliza.

Baada ya jina, tazama mwanzo na mwisho wa faili. Kwenye Linux, au kwenye simu ya Android yenye programu ya Termux, amri ni hizi mbili:

```
head -c 8 kitabu.pdf
tail -c 40 kitabu.pdf
```

Kwenye Windows, fungua PowerShell ndani ya folda yenye faili na uandike:

```
Get-Content kitabu.pdf -TotalCount 1
Get-Content kitabu.pdf -Tail 3
```

Mwanzo ukiwa `%PDF-` na mwisho ukiwa herufi zisizosomeka, una kipande halali kilichokatwa, na hali hiyo inatibika. Mwanzo ukiwa `%PDF-` na mwisho ukiwa `%%EOF`, mkia upo, kwa hiyo tatizo liko katikati ya faili au mahali pengine kabisa. Angalia alama hiyo iwe mwishoni kabisa, kwa kuwa PDF moja inaweza kuwa nayo zaidi ya mara moja, na kuiona mahali fulani ndani ya faili si ushahidi kwamba faili limetimia.

Hali ya tatu ndiyo inayowachanganya wengi. Mwanzo wa faili unasomeka `<!DOCTYPE html>` au `<html`. Hiyo si PDF hata kidogo. Ni ukurasa wa wavuti uliohifadhiwa kwa jina la PDF, kwa kawaida ukurasa wa kukutaka uingie kwa nenosiri, tangazo kwamba kiungo kimeisha muda, au ukurasa wa kununua bando ambao mtandao umeuingiza badala ya ulichoomba. Ukubwa wake huwa mdogo, mara nyingi kilobaiti kadhaa au makumi kadhaa. Faili la namna hii lifutwe, wala lisiendelezwe. Ukiliendeleza, seva itakutumia PDF kuanzia pale ukurasa ule ulipoishia, na utapata faili lenye ukubwa sahihi hadi baiti ya mwisho, mkia wake ukiwa `%%EOF`, lakini mwanzo wake ni takataka.

Faili la mwenzangu lilianza na `%PDF-1.6` na likaishia na herufi zisizosomeka. Kilikuwa kipande halali.

Pili, iulize seva

Kuendeleza upakuaji kunategemea seva kukubali ombi la sehemu ya faili. Kompyuta yako husema, kwa lugha ya itifaki ya HTTP, "nipe kuanzia baiti hii hadi mwisho". Seva inayokubali hujibu kwa namba 206 na kutuma sehemu hiyo tu. Isiyokubali hujibu 200 na kutuma faili zima tangu mwanzo. Unaweza kuchungulia kabla, kwa kutumia programu ya curl kuomba vichwa vya jibu bila mwili wake, jambo lisilotumia data ya kuhesabika:

```
curl.exe -I -L "https://mfano.example/kitabu.pdf"
```

Kwenye Windows andika `curl.exe` kwa ukamilifu, kwa sababu katika PowerShell inayokuja na Windows neno `curl` peke yake huita amri nyingine isiyoelewa chaguo hizi. Kwenye Linux na Termux `curl` inatosha. Anwani iwe ya faili lenyewe. Katika ukurasa wa vipakuliwa wa kivinjari unaweza kubonyeza kulia juu ya jina la faili na kunakili kiungo chake.

Majibu tuliyoyapata, nikiacha yasiyohusika, yalikuwa haya:

```
HTTP/1.1 200 OK
Accept-Ranges: bytes
Content-Length: 61893214
Content-Type: application/pdf
```

Mstari wa `Accept-Ranges: bytes` unasema seva inakubali kutuma sehemu. Baadhi ya seva hukubali bila kuutaja mstari huo, hivyo kukosekana kwake kusikukatishe kujaribu, ila ukisomeka `Accept-Ranges: none`, kuendeleza hakuwezekani. `Content-Type` inathibitisha kwamba ni PDF. `Content-Length` ni ukubwa wa faili zima kwa baiti, na hapa ndipo pa kulinganisha. Linganisha kwa baiti kamili, wala usitumie megabaiti zinazoonyeshwa kwenye folda. Faili hili hili Windows italiandika kuwa MB 59.0, kwa sababu huhesabu megabaiti moja kuwa baiti 1,048,576, ilhali mifumo mingine itaandika MB 61.9, kwa kuhesabu 1,000,000. Nimeona watu wakiamini faili limepungua kwa sababu ya tofauti hiyo tu. Kwenye Windows, bonyeza kulia juu ya faili, fungua sifa zake, na usome namba iliyo katika mabano.

Kipande cha mwenzangu kilikuwa na baiti 27,262,976, yaani asilimia 44 ya faili zima.

Kama namba uliyo nayo ni kubwa kuliko ya seva, faili lako limeunganishwa vibaya hapo awali, au lile lililoko kwenye seva limebadilishwa, na hakuna cha kuokoa kwa njia hii. Kama namba ni sawa lakini faili halifunguki, jiulize kama ulitumia programu ya kupakua inayogawa faili katika vipande vingi vinavyoshuka kwa wakati mmoja. Programu za aina hiyo zinaweza kutenga ukubwa wote kwenye diski tangu mwanzo na kujaza mapengo taratibu, hivyo ukubwa hauna maana yoyote hadi kazi imalizike. Faili lenye mapengo liendelezwe kwa programu ileile iliyolianza na kumbukumbu yake ikiwa kando yake. Kwa mfano, aria2 huweka faili dogo lenye mkia wa `.aria2` jirani na faili kuu, na ukilifuta umepoteza ramani ya mapengo. Chrome nayo inaweza kugawa upakuaji kwa vipande sambamba pale mpangilio huo unapokuwa umewashwa. Kwa kompyuta ya mwenzangu ulikuwa umezimwa.

Tatu, rudi nyuma kidogo kabla ya kwenda mbele

Umeme ukikatika ghafla, kompyuta inaweza kuwa imeandika ukubwa wa faili kabla ya kuandika maudhui ya mwisho kwenye diski. Sehemu ya mwisho ya kipande hujaa sifuri tupu au masalia. Ukiendeleza kuanzia hapo, ukubwa utatimia, mkia utakuwepo, kitabu kitafunguka, na miezi miwili baadaye utakuta ukurasa wa 180 hauna picha. Kwa sababu hiyo, pale ambapo kompyuta au simu ilizimika yenyewe, mimi hukata megabaiti moja ya mwisho na kuipakua upya. Gharama ni ndogo sana ukilinganisha na kupakua kitabu kizima mara ya pili. Kama kilichokatika ni mtandao tu na kompyuta ikabaki imewaka, hatua hii inaweza kurukwa.

Tengeneza nakala ya kipande kwanza, ndipo ukate. Kwenye Linux au Termux:

```
cp kitabu.pdf akiba.pdf
truncate -s -1M kitabu.pdf
```

Kwenye PowerShell:

```
Copy-Item kitabu.pdf akiba.pdf
$f = [IO.File]::Open("$PWD\kitabu.pdf", "Open")
$f.SetLength($f.Length - 1MB)
$f.Close()
```

Baada ya hapo kipande kilibaki na baiti 26,214,400, na kilichohitajika kutoka kwenye seva kilikuwa baiti 35,678,814, yaani chini kidogo ya megabaiti 36. Bando la 40 lilitosha, ingawa kwa shida.

Nne, endeleza

Amri yenyewe ni fupi:

```
curl.exe -f -L -C - -o kitabu.pdf "https://mfano.example/kitabu.pdf"
```

Chaguo `-C -` huiambia curl ipime yenyewe ukubwa wa faili lililopo na kuomba kuanzia hapo. Chaguo `-L` hufuata kiungo pale seva inapokuelekeza anwani nyingine. Chaguo `-f` ndilo ninalosisitiza zaidi, kwa kuwa huizuia curl kuhifadhi ukurasa wa kosa ndani ya kitabu chako endapo seva itajibu kwa kukataa. Mtandao ukikatika tena, mara nyingi curl itaacha na ujumbe unaotaja namba 18, maana yake muunganisho umefungwa kabla ya baiti zote kufika. Bonyeza mshale wa juu kwenye kibodi, irudie amri ileile, nayo itaanzia pale ilipoachia. Sisi tuliirudia mara tatu.

Kwa mtandao unaokatika kila dakika chache, kwenye Linux au Termux napendelea wget, kwa sababu hujirudia yenyewe na kila mara huanzia baiti ya mwisho iliyofika:

```
wget -c --tries=0 --timeout=30 --waitretry=20 -O kitabu.pdf "https://mfano.example/kitabu.pdf"
```

Tofauti moja kati ya programu hizi mbili inafaa kujulikana kabla haijakugharimu. Seva isiyokubali sehemu ikikujibu, curl husimama na kutoa kosa namba 33, na kipande chako hubaki salama. Wget ya sasa, katika hali hiyohiyo, huanza upya na kuandika juu ya kile ulichokuwa nacho. Ndiyo maana nakala ya `akiba.pdf` haikuwa ya urembo.

Kosa la 416 humaanisha umeomba kuanzia baiti ambayo haipo kwenye seva. Ama faili lako limekwisha timia, ama ni refu kuliko la seva. Rudi kwenye ulinganisho wa baiti.

Kosa la 403 katikati ya kazi iliyokuwa ikienda vizuri mara nyingi ni kiungo kilichoisha muda. Tovuti nyingi hutoa viungo vyenye muda maalumu, ambavyo anwani yake huwa ndefu na yenye herufi nyingi baada ya alama ya kuuliza. Rudi kwenye ukurasa ulikotoka, chukua kiungo kipya, na ukitumie pamoja na jina lilelile la faili baada ya `-o`. Seva haijali kwamba nusu ya kwanza ilikuja kwa kiungo kingine. Lakini kagua kwanza kwa `-I` kwamba `Content-Length` haijabadilika, pamoja na `ETag` au `Last-Modified` kama uliviona mara ya kwanza. Mchapishaji akiwa amesahihisha kosa dogo na kupakia toleo jipya, nusu mbili za matoleo mawili hazishonani, hata kama tofauti ni neno moja.

Faili likiwa nyuma ya nenosiri, amri ya kawaida italeta ukurasa wa kuingia. Katika Chrome na Firefox unaweza kufungua zana za wasanidi kwa kitufe cha F12, uingie sehemu ya mtandao, uanzishe upakuaji na kuusimamisha, kisha ubonyeze kulia juu ya ombi hilo na uchague kulinakili kama amri ya cURL. Kwenye Windows chagua ile iliyoandikwa `cmd` katika Chrome, au `Windows` katika Firefox, na uibandike katika dirisha la amri la kawaida lililofunguliwa ndani ya folda yenye faili, kisha ongeza `-f -L -C - -o kitabu.pdf` mwishoni. Amri hiyo hubeba ufunguo wa akaunti yako, hivyo usimtumie mtu mwingine wala usiibandike mahali pa wazi.

Tano, thibitisha

Linganisha ukubwa mpya na `Content-Length`. La mwenzangu lilisoma 61,893,214 kamili. Tazama mkia, uone `%%EOF`. Kisha, kama una programu ya qpdf, iache ipite faili zima:

```
qpdf --check kitabu.pdf
```

Ikisema `No syntax or stream encoding errors found`, muundo uko sawa. Qpdf haiwezi kuona kila uharibifu ndani ya picha, kwa hiyo fungua pia kurasa chache zilizo karibu na mshono. Kwa kitabu kilichoskaniwa, ambacho kurasa zake hulingana kwa uzito, kipande kilichobaki kwenye asilimia 42 baada ya kukatwa kina mshono karibu na asilimia hiyohiyo ya kurasa. Tulipitia kurasa kumi kabla na kumi baada, zote zilikuwa safi. Mchapishaji akiwa ametoa alama ya SHA-256 ya faili, kuilinganisha na matokeo ya `sha256sum kitabu.pdf`, au `Get-FileHash kitabu.pdf` kwenye PowerShell, kunatosha peke yake na kunashinda ukaguzi mwingine wote.

Pale ambapo seva haikubali sehemu kabisa, na faili haliwezi kupatikana tena kwingine, unaweza kuiomba qpdf ijenge orodha upya kutokana na kile kilichofika:

```
qpdf akiba.pdf sehemu.pdf
```

Hufaulu pale kurasa zilipoandikwa moja baada ya nyingine na taarifa zake zikiwa jirani. Hushindwa pale mti wa kurasa, yaani orodha inayotaja kurasa zote za kitabu, ulipoandikwa mwishoni, jambo ambalo programu nyingi za kutengeneza PDF hulifanya, na hapo picha zinaweza kuwemo ndani ya faili bila kuwepo ukurasa hata mmoja wa kuzionyesha.

Ukiokoa kurasa kwa njia hiyo, hifadhi matokeo kwa jina jingine kama hapo juu na uache `akiba.pdf` kama ilivyo, kwa sababu `sehemu.pdf` si kipande cha faili la seva tena. Baiti zake zimepangwa upya, na upakuaji hauwezi kuendelezwa juu yake hata seva ikibadilishwa kesho ikaanza kukubali sehemu.